Picha ya pasipoti saizi 413 kwa 531: kisa cha picha iliyokataliwa mara mbili, na tulivyoikata bila kuvuta sura

Usuli

Nawasaidia watu kujaza fomu za mtandaoni, na katika fomu zote hizo sehemu inayowatoa watu jasho ni ile ya kupakia picha. Kisa hiki ni cha dada mmoja aliyekuwa anaomba hati ya kusafiria. Jina lake, fomu yenyewe na ofisi nimeviacha, ila vipimo ni vilevile tulivyofanyia kazi.

Fomu ilitaka picha ya JPEG yenye pikseli 413 kwa upana na 531 kwa urefu, kamili, faili isizidi KB 100, na kichwa kuanzia kidevuni hadi utosini kichukue asilimia 70 hadi 80 ya urefu wa picha. Namba hizo zinaonekana za ajabu ila hazijatoka hewani. Ni ile picha ya karatasi ya milimita 35 kwa 45 iliyogeuzwa kuwa pikseli kwa hesabu ya pikseli 300 kwa inchi: unachukua 35 unagawa kwa 25.4 unazidisha kwa 300, unapata 413 na kidogo, na 45 hivyohivyo inakupa 531 na nusu, nusu inaachwa. Hapo kuna kitu kizuri ambacho watu wengi hawakioni. 413 ni 7 mara 59 na 531 ni 9 mara 59, yaani uwiano wa picha ni 7 kwa 9 kamili bila mabaki. Kumbuka hiyo 7 kwa 9, ndiyo iliyotuokoa baadaye.

Dada alikuwa na picha nzuri tu. Mdogo wake alimpiga kwa simu, akiwa amesimama mbele ya ukuta mweupe, mwanga unatoka mbele, na mdogo mtu alisimama mbali kiasi kwamba picha inamuonyesha dada kuanzia kichwani hadi mapajani. Shati lina vifungo, mkia wa kisa hiki uko kwenye hivyo vifungo. Halafu mdogo wake akamtumia ile picha kwenye apu ya kuchati, kama picha ya kawaida, na hapo ndipo shida ilipoanzia ingawa wakati huo hakuna aliyejua.

Jaribio la kwanza: namba zimekubali, sura imekataa

Aliyemsaidia mara ya kwanza ni kijana anayejua kompyuta vizuri tu, simlaumu, kosa lake ni kosa ambalo karibu kila mtu amelifanya. Aliichukua ile kopi ya kwenye chati, akakata kwa macho kuzunguka kichwa na mabega, ikabaki na pikseli 290 kwa 430. Kisha akafungua sehemu ya kubadili saizi akaandika 413, na alipoandika hivyo ile namba ya urefu ikajiandika yenyewe 612. Siyo 531. Akajaribu kufuta aandike 531, upana nao ukajibadilisha ukawa 358. Akacheza hivyo kama mara tatu, mwishoe akaona kuna kitiki cha `Maintain aspect ratio`, yaani cha kulinda uwiano wa upana na urefu, akakitoa, akaandika 413 na 531, programu ikatulia na picha ikatoka na vipimo vinavyotakiwa.

Fomu ikaipokea palepale. Inapopakia inahesabu pikseli tu na uzito wa faili, haijui sura ya mtu ikoje. Dada mwenyewe alipoiona alisema, "mbona kama nimenenepa," wakakubaliana kwamba ni kamera. Baada ya siku kadhaa ombi likarudi na maelezo mafupi kwamba picha imebadilishwa umbo.

Hebu tuifanye hesabu ya kilichotokea. Upana ulitoka 290 ukaenda 413, yaani umekuzwa mara 1.42. Urefu ulitoka 430 ukaenda 531, yaani mara 1.23. Gawa ya kwanza kwa ya pili unapata 1.15. Maana yake uso wa dada ulipanuliwa kwa asilimia 15 kuliko ulivyorefushwa. Asilimia 15 ni mbaya kwa namna yake, kwa sababu haitoshi mtu aseme "hii imeharibika" akiangalia haraka, lakini inatosha kabisa kwa mtu ambaye kazi yake ni kulinganisha sura na mwenye sura.

Jaribio la pili: sura imekaa sawa, ila imefifia

Yule kijana alielewa kosa lake haraka. Akarudi kwenye kopi ileile, safari hii akakata pikseli 336 kwa 432, ambayo ni 7 kwa 9 kamili, akaacha kitiki mahali pake, akaikuza hadi 413 kwa 531. Sura ikakaa vizuri, dada akafurahi, wakapakia.

Ikakataliwa tena, safari hii kwamba picha haina ukali.

Hapo ndipo dada alinitafuta mimi. Akaniambia, "Kaka, mara ya kwanza wamesema nimevutwa, mara ya pili wamesema sionekani, sasa mimi nitumie uso gani?" Alikuwa amechoka kweli na tarehe ya safari inasogea. Nikamwomba anitumie vyote viwili alivyopakia pamoja na picha aliyoanzia.

Nilichokiona

Cha kwanza niliangalia kifungo cha shati kilicho karibu na kola. Kwenye faili la jaribio la kwanza kile kifungo kilikuwa kama yai lililolala, kwenye picha aliyoanzia kilikuwa duara. Hiki ni kipimo ninachokiamini kuliko jicho la mtu kwenye uso, maana nyuso za watu zinatofautiana na hujui ya huyu ilikuwaje, ila kifungo unajua ni duara. Mboni ya jicho nayo ni duara lakini kope huwa zinafunika juu na chini kwa hiyo inadanganya.

Cha pili niliangalia vipimo vya picha aliyoanzia: 900 kwa 1600, uzito KB 140. Nikamuuliza, "Dada, hii umeitoa kwenye simu iliyopiga au umetumiwa?" Akasema katumiwa na mdogo wake. Basi. Simu ya siku hizi haipigi picha ya pikseli 900 kwa 1600, hiyo ni picha iliyokamuliwa na apu wakati wa kutumwa ili ipite haraka.

Nikapima kichwa kwenye hiyo kopi. Kutoka kidevuni hadi utosini kilikuwa na pikseli 321. Sasa fomu inataka kichwa kiwe angalau asilimia 70 ya 531, ambayo ni 372, na mimi napenda kulenga katikati, karibu 400. Kwa hiyo hata ufanyeje na ile kopi, lazima uikuze, na kukuza maana yake kompyuta inabuni pikseli ambazo kamera haikuziona. Ukichanganya na kule kukamuliwa, ngozi inakuwa na vigae vidogovidogo na kingo za nywele zinalegea. Jaribio la pili halikuwa na kosa la mkono hata moja, lilikuwa na kosa la malighafi.

Maamuzi na sababu zake

Kabla ya kufanya chochote nilifikiria njia tatu.

Ya kwanza ilikuwa kuinoa ile kopi kwa kitufe cha kuongeza ukali. Nikaiacha. Kunoa kunaweka mstari mweupe kuzunguka kingo na kunafanya vigae vionekane zaidi, na picha iliyonolewa mno inaweza kurudishwa kwa kosa lilelile la kwanza, imebadilishwa.

Ya pili ni ile ya kuongeza ukanda mweupe pembeni ili picha ifike uwiano unaotakiwa bila kuvutwa. Watu wanaipenda na kweli haivuti sura, ila haitatui tatizo la kichwa. Ukiichukua picha yote ya 900 kwa 1600 ukaiingiza ndani ya 531 kwa urefu, kichwa kinabaki kama pikseli 107 tu, asilimia 20, na weupe wa ukanda hauwezi kulingana na weupe wa ukuta, unaona kabisa mstari.

Ya tatu ni kuitafuta orijino. Nikamwambia ampigie mdogo wake na amwambie neno moja tu, aitume kama faili, siyo kama picha. Apu nyingi za kuchati zina sehemu ya kutuma hati au faili, ukipitia huko picha inafika kama ilivyo. Ilikuja ikiwa na zaidi ya MB 3, pikseli 2268 kwa 4032. Kichwa kilekile kilichokuwa na pikseli 321 sasa kilikuwa na 810. Hapo nikajua tumemaliza, maana kutoka 810 kushuka hadi 400 ni kupunguza, na kupunguza hakuhitaji kubuni chochote.

Tulivyokata, hatua kwa hatua

Watu wengi wanaanza na fremu kisha wanaangalia kichwa kimeingiaje. Mimi naanza na kichwa. Kichwa kina pikseli 810, nataka kiwe karibu asilimia 76 ya picha, kwa hiyo 810 nagawa kwa 0.76 napata kama 1066. Nikaangalia kama kuna namba ya karibu inayogawanyika vizuri, nikaona 1062, ambayo ni 531 mara 2 kamili. Upana wake basi ni 413 mara 2, yaani 826. Fremu ya 826 kwa 1062, kichwa kinakuwa asilimia 76.3. Siyo lazima iwe mara mbili kamili, ingekuwa mara 2.3 pia ingefaa mradi uwiano ni uleule, lakini mara kamili ikipatikana inaondoa ugomvi wa pikseli moja ambao nitaueleza mbele.

Kisha ni mahali pa kuiweka fremu. Utosi ulikuwa kwenye pikseli ya 900 kutoka juu, kidevu kwenye ya 1710. Baada ya kichwa zinabaki pikseli 252 za kugawa, nikaacha 106 juu ya utosi na 146 chini ya kidevu. Nywele zake zimejaa kidogo, na utosi siyo juu ya nywele, unakadiria fuvu linapoishia, ndiyo maana sikubana sana juu. Kwa hiyo fremu ikaanzia 794 kutoka juu. Kwa upana nilichukua katikati ya macho, ilikuwa kwenye 1150, nikatoa nusu ya 826 ambayo ni 413, fremu ikaanzia 737 kutoka kushoto.

Nilitumia programu ya kuhariri picha ya GIMP maana ilikuwepo. Unachukua kifaa cha kukatia, kwenye machaguo yake unatiki `Fixed`, unachagua `Aspect ratio` na kuandika `413:531`. Baada ya hapo hata ukivuta fremu kwa kipanya haitoki kwenye uwiano. Ukishakata unaenda `Image` halafu `Scale Image`, unahakikisha kile kimnyororo kati ya upana na urefu kimefungwa, unaandika 413 kwenye upana, unabonyeza Tab, na hapo unatoa mkono. Usiandike urefu. Uache ujiandike wenyewe, na uusome. Ukisoma 531 umekata sawa. Ukisoma kitu kingine, kama ile 612 ya yule kijana, programu inakuambia kwamba ulichokata hakina umbo la picha inayotakiwa, na dawa ni kurudi kukata tena.

Kwa anayependa kuandika amri, kazi yote hiyo kwenye ImageMagick ni hii:

```
magick asili.jpg -auto-orient -crop 826x1062+737+794 +repage -resize 413x531 -quality 90 tayari.jpg
magick identify tayari.jpg
```

Namba mbili za mwisho kwenye `-crop` ni zile za kushoto na juu. Kile `-auto-orient` usikidharau, maana simu nyingi huhifadhi picha ikiwa imelala na kuweka tu alama ndani ya faili inayosema "nisimamishe", na usipoisimamisha kwanza, mkasi unakata sehemu nyingine kabisa, unaweza kujikuta na picha ya bega. Jambo lingine kwenye `-resize`: ikiandikwa hivyo inalinda uwiano, picha inaingia ndani ya 413 kwa 531 bila kuvutwa. Ukiweka alama ya mshangao mwishoni, `413x531!`, unalazimisha, na umerudi kwenye kosa la jaribio la kwanza kwa njia ya kitaalamu zaidi. Ile `identify` ni ya kuhakiki tu, inakusomea vipimo vya faili lililotoka.

Matokeo

Faili lilitoka 413 kwa 531, uzito KB 48, kichwa pikseli 405. Kifungo cha shati duara. Tulilikuza kwenye skrini hadi kope zikahesabika moja moja, dada akacheka. Likapakiwa, fomu ikapokea, na safari hii ombi halikurudi kwa sababu ya picha.

Uchambuzi

Kosa la jaribio la kwanza linaonekana ni kitiki kimoja, lakini mimi naona linaanzia nyuma ya hapo. Kijana alidhani kubadili saizi na kubadili umbo ni kazi moja, ndiyo maana programu ilipomkatalia akaona inamsumbua. Ni kazi mbili. Umbo linabadilishwa kwa kukata tu, saizi inabadilishwa baada ya umbo kuwa tayari. Ile 612 iliyojiandika ilikuwa jibu la bure, na akaizima. Nimeona hili mara nyingi hadi sasa nikimfundisha mtu namwambia aandike namba moja tu maisha yake yote, ya pili aisome.

Jaribio la pili linafundisha zaidi, kwa maoni yangu, kwa sababu pale mtu alifanya kila kitu sawa na bado akashindwa. Swali alilopaswa kujiuliza kabla ya kukata ni kichwa kina pikseli ngapi kwenye picha niliyonayo, na fomu inataka ngapi. Ni hesabu ya nusu dakika: weka kipanya utosini soma namba, weka kidevuni soma namba, toa. Ikiwa unayo ni ndogo kuliko unayotaka, acha, katafute orijino au piga upya. Picha nzima kuwa na pikseli nyingi hakusaidii kitu, kinachohesabika ni zilizo kwenye uso. Kopi ile ilikuwa na pikseli 1600 kwa urefu, ukisikia tu unaona nyingi, kumbe za kichwa 321.

Kuhusu ugomvi wa pikseli moja. Tuseme ungekata 825 kwa 1062 badala ya 826, mkono umeteleza kidogo. Ukiandika upana 413, urefu unajiandika 532, na fomu inayotaka 531 kamili inakataa. Hapo sioni dhambi kulazimisha. Kutoka 532 kwenda 531 ni kuvuta kwa sehemu moja kati ya mia tano na kitu, hakuna jicho la kuiona wala kifungo cha kuionyesha. Au unakata tu ule mstari mmoja wa pikseli chini. Kipimo changu ni kilekile, gawa ukuzaji wa upana kwa ukuzaji wa urefu, ikikaribia 1 sana kama 1.002 lala usingizi, ikifika 1.03 rudi ukakate.

Kuna kitu kimoja ambacho kilifanya kazi bila mtu kupanga, nacho ni mdogo wake kusimama mbali. Angejipiga mwenyewe kwa mkono, simu karibu na uso, pua ingekuwa kubwa na masikio yamerudi nyuma, na hiyo siyo ya kukata wala kubadili saizi. Uwiano wa pikseli ungekuwa sahihi kabisa na kifungo kingekuwa duara, sura bado ingekuwa siyo yake. Hivyohivyo kivuli ukutani na shingo iliyopinda sana, hivyo vinarekebishwa kwa kupiga upya.

Mimi mwenyewe kuna nilichokosea. Nilihifadhi faili la mwisho nikamtumia dada nalo peke yake, nikijua kazi imeisha. Wiki chache baadaye akarudi, fomu nyingine kabisa, inataka mraba wa 600 kwa 600 na kichwa kiwe kama asilimia 60. Ile ya 413 haikufaa, haina hata upana wa kutosha na mabega yameshakatwa. Bahati orijino ilikuwa bado kwenye simu ya mdogo wake. Kichwa ni kilekile 810, nikagawa kwa 0.6 nikapata 1350, nikakata mraba wa 1350 kwa 1350 na katikati ya macho palepale kwenye 1150, nikaushusha hadi 600, kichwa kikawa na 360. Safari hii nilimtumia yote mawili, la 600 na lile la 2268 kwa 4032, kama faili.